Flashi ya kilobaiti moja

Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2024 Uyole ilikuwa na ile baridi ya Julai inayomfanya mtu anywe chai ya tatu kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa mezani na laptopu niliyoazima kwa mdogo wangu, nimechomeka flashi ya GB 32, tayari kumalizia sura ya nne ya tasnifu yangu. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemaliza mkataba kwenye shirika moja la kilimo hapa Mbeya. Miaka mitano na nusu nilikuwa nikizunguka Rungwe na Busokelo kwenye mashamba ya parachichi, na kila nilichoandika, cha kazi na cha kwangu, kilikaa kwenye akaunti moja ya barua pepe ya ofisi.

Siku ya mwisho kazini, Ijumaa tarehe 28 Juni, nilijiona mtu makini sana. Wenzangu walikuwa wanakula keki, mimi nikafungua folda la Google Drive kwenye laptopu ya ofisi, nikachagua kila kitu, nikakopi kwenye flashi. Iliisha haraka mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilifikiri ni uzuri wa flashi mpya. Nikarudisha laptopu, nikasaini fomu ya makabidhiano, nikapanda daladala.

Sasa nabofya faili la tasnifu, Windows inaniuliza nitalifungua kwa programu gani. Nikatazama jina vizuri: linaishia na `.gdoc`. Nikatazama ukubwa: 1 KB. Kurasa tisini na sita za miaka miwili, kilobaiti moja. Nikashuka chini kwenye orodha. PDF zilikuwa na uzito wake wa kawaida, vyeti vyangu nilivyoskani vilifunguka, lakini kila nilichokiandika ndani ya Google Docs kilikuwa `.gdoc` cha 1 KB, na majedwali yote yalikuwa `.gsheet` ya 1 KB.

Hili ni kosa ambalo tangu hapo nimelikuta kwa watu wengine watatu, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Hati ya Google Docs haikai kwenye kompyuta yako kama faili la kawaida. Inakaa kwenye seva za Google, ndani ya akaunti iliyoianzisha. Ile programu ya Drive kwenye kompyuta inakuonyesha ikoni yenye jina la hati ili ujisikie uko nyumbani, lakini ndani ya ikoni hakuna maneno yako. Kuna anwani tu. Ukikopi `.gdoc` kwenye flashi, umefanya sawa na mtu aliyenakili namba ya nyumba akidhani amebeba nyumba. Ili upate maneno yenyewe unatakiwa uende kwenye Drive kwa kivinjari, uchague faili au folda, ubonyeze Download. Hapo Google inazibadilisha hati kuwa `.docx` na majedwali kuwa `.xlsx`, na unaona uzito unarudi. Kama hakuna uzito, hakuna hati.

Nilifungua moja kwa Notepad, kwa hasira tu, kuona kuna nini. Kulikuwa na mstari wa onyo kwamba faili lisihaririwe, kisha kitu cha namna hii (namba nimeifupisha):

```
"doc_id":"1aBc...xYz","resource_key":"","email":"..."
```

Hasira ile ilinisaidia baadaye. Wakati huo niliifunga nikajaribu kuingia kwenye akaunti yenyewe, Google ikanijibu kwamba haiijui.

Ndipo nikakumbuka picha.

Mama yangu alifariki Machi mwaka ule. Krismasi ya 2023 tulikuwa naye Tukuyu, wajukuu wote wamekuja, na nilipiga picha na video nyingi kuliko mwaka wowote kwa sababu tulijua hali yake. Simu yangu ilikuwa na akaunti mbili, ya ofisi na ya kwangu, na siku nilipowasha Google Photos kwa mara ya kwanza nilibofya akaunti iliyokuwa juu. Ya juu ilikuwa ya ofisi. Mwezi wa tano simu ikalalamika imejaa, ikanipa kile kitufe cha `Free up space`, nikakibonyeza kwa shukrani. Kitufe hicho kinafanya kinachosema: kinafuta kwenye simu picha zote ambazo tayari zina nakala kwenye akaunti. Kwa hiyo nakala pekee ya mama akicheka na kikombe cha chai ilikuwa kwenye akaunti ya mwajiri niliyeachana naye. Nilipotoa akaunti ile kwenye simu siku ya mwisho wala sikuona pengo. Nani anapekua picha za miezi sita nyuma siku anayohama kazi?

Nilikaa kama nusu saa bila kugusa kitu. Kisha nikafanya jambo moja ambalo nilifundishwa zamani na kijana mmoja wa TEHAMA tulipokuwa Njombe kwenye mafunzo: nilijiandikia barua pepe. Kutoka kwenye Gmail yangu nikatuma neno "habari" kwenda kwenye anwani yangu ya zamani ya kazini, nikasubiri irudishwe.

Barua inayorudishwa inakuambia akaunti iko katika hali gani, hata kama hakuna mtu ofisini anayepokea simu. Akaunti ya ofisi inaweza kusimamishwa au kufutwa, na watu wanachanganya mambo haya mawili kwa sababu kwako wewe uliyetoka yanafanana: huingii. Iliyosimamishwa bado ipo, vitu vyote viko ndani, msimamizi wa mfumo wa ofisi anaifungua kwa kubofya mara moja, na haina saa inayohesabu. Barua yake mara nyingi hurudi na namba 5.2.1 na maneno kwamba akaunti imezimwa. Iliyofutwa ni habari nyingine. Mimi nilirudishiwa hii:

```
550-5.1.1 The email account that you tried to reach does not exist.
```

Imefutwa. Kwa akaunti za ofisi zinazoendeshwa na Google, msimamizi ana siku 20 tangu siku ya kufuta kuweza kuirudisha. Zikipita, hata yeye hana kitufe, na hata Google wenyewe ukiwapigia magoti hawana cha kukupa. (Kwa ofisi zinazotumia Microsoft 365 siku za kumrudisha mtumiaji aliyefutwa ni 30. Usije ukahesabu za huku kwa kalenda ya kule.) Sikujua wamefuta siku gani. Kama ni jioni ile ile ya tarehe 28, nilikuwa na hadi tarehe 18. Siku tano, na mbili ni Jumamosi na Jumapili.

Kabla ya kumpigia mtu nilitaka kujua naomba nini hasa. Nikarudi kwenye ile `.gdoc` ya Notepad. Ukichukua namba iliyo kwenye `doc_id` ukaiweka kwenye anwani hii, unapata ukurasa wa hati yenyewe:

```
https://docs.google.com/document/d/NAMBA/edit
```

Nikaweka namba ya tasnifu huku nimeingia kwa Gmail yangu. Nilitegemea kuambiwa haipo. Badala yake ukurasa ukaniambia sina ruhusa na ukanionyesha kitufe cha `Request access`. Nikasimama. Kitu kisichokuwepo hakiombewi ruhusa. Nikajaribu jedwali la gharama za nyumba ninayojenga, kwa anwani ile ile ila neno `document` nikaweka `spreadsheets`: likasema faili halipo. Nikajaribu hati nyingine tisa. Nne zilikuwa hai, tano hazikuwepo; pamoja na lile jedwali, sita.

Nilihangaika na fumbo hilo hadi nikaona kinachoziunganisha zile nne na ile ya tasnifu. Zote nilikuwa nimewahi kumshirikisha mtu. Tasnifu ilikuwa wazi kwa mwalimu wangu anayeisimamia, nyingine kwa mke wangu, nyingine kwa wenzangu ofisini. Zile zilizokufa sikuwahi kumfungulia mtu yeyote.

Jibu la fumbo nililipata Jumatatu. Nilimpigia aliyekuwa bosi wangu saa mbili asubuhi, mzee wa makamo, mtu wa Kyela asiyependa simu ndefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekwisha anza kutukumbuka?"

Nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema kwamba kwenye Drive yake tangu mwanzo wa mwezi kuna folda limejitokeza lenye jina la barua pepe yangu, na yeye alidhani ni kosa la mtandao, akaliacha. "Kumbe ndilo hili?"

Ndilo lilelile. Msimamizi anapofuta akaunti, mfumo unamuuliza mafaili ya Drive ahamishie kwa nani. Wa kwetu alichagua bosi, kama inavyotakiwa. Lakini chini ya swali hilo kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama ahamishe na yale ambayo hayajashirikishwa kwa mtu. Hakukiweka alama. Kwa hiyo vilivyoshirikishwa vilihamia kwa bosi, na vya siri yangu vikabaki ndani ya akaunti iliyofutwa, vikisubiri siku ya ishirini. Na picha? Google Photos haimo kabisa kwenye uhamisho huo. Unaweza kuweka alama visanduku vyote, bado picha hazihami. Zinakufa na akaunti.

Tasnifu, basi, ilikuwa salama muda wote. Bosi akanifungulia kwa Gmail yangu nikiwa bado kwenye simu. Hapa pana mtego mwingine na nilikaribia kuuingia: hati iliyofunguliwa kwako bado si yako. Umiliki wa hati ya akaunti ya ofisi hauhamishiki kwenda Gmail ya mtu binafsi, mwenyewe awe anataka au hataki. Bosi akistaafu na akaunti yake ikafutwa, tasnifu inaondoka naye. Nilichofanya ni `File`, kisha `Make a copy`, nikaweka alama sehemu ya kunakili na maoni ili maneno ya mwalimu wangu pembeni yaje pia. Historia ya marekebisho haikuja. Haiji kamwe kwenye nakala. Nilikuwa na aya mbili nilizofuta mwaka jana ambazo ningependa kuzirudia, nikazisoma kwenye ile ya zamani na kuziandika upya kwa mkono. Mwishoni nikaipakua pia kama `.docx`. Ilikuwa na MB 3. Nilitazama hizo MB 3 kwa furaha ya mtu aliyelipwa mshahara.

Zikabaki picha na yale mafaili sita. Kwa hayo ilibidi akaunti irudishwe, na anayeweza ni msimamizi mkuu peke yake, ambaye kwa shirika letu alikaa Dar. Nilimwandikia barua pepe, bosi akiwa kwenye nakala, na naamini namna nilivyoiandika ndiyo iliyofanya ijibiwe siku ile ile. Sikuandika "naomba akaunti yangu." Akaunti haikuwa yangu. Niliandika kwamba naomba irudishwe kwa saa chache, nikataja mafaili sita kwa majina yake kamili, nikataja picha za familia kuanzia Desemba 2023 hadi Mei 2024, nikasema nitazichukua mbele ya bosi na sitagusa kingine. Pia niliandika kwa sentensi moja kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa mwingine. Sikuiandika kama kitisho. Niliiandika ili yule kijana wa Dar, akiulizwa na mkubwa wake kwa nini amefungua akaunti ya mtu aliyeondoka, awe na cha kuonyesha.

Alinipigia mchana. "Kaka, nimeifuta Jumatatu tarehe moja. Kwa hiyo mwisho ni Jumapili hii, tarehe 21. Ila nina shida moja, leseni."

Shida hiyo sikuwa naijua. Ofisi hulipia akaunti kwa idadi ya watu, na leseni yangu alikuwa amempa mfanyakazi mpya. Akaunti ukiirudisha bila kuwepo leseni isiyo na mtu, hairudi kwenye uhai wake. Ilibidi anunue moja zaidi kwa mwezi mmoja. Nikamwambia nitalipa mwenyewe, maana ni pesa ndogo kuliko nauli ya basi kutoka hapa hadi Dar. Bosi akakataa, akasema itaingia kwenye matumizi ya ofisi. Idhini ya matumizi hayo ilichukua siku mbili. Siku mbili kati ya sita.

Katikati ya hapo, Jumanne jioni, mwenzangu mmoja wa zamani alinipigia akinionea huruma. Akasema ana nywila ya kompyuta ya bosi, niende tu ofisini wakati wa chakula cha mchana, dakika kumi tumemaliza. Alikuwa na nia njema kabisa. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, lakini hapana. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na haijali kama unachokwenda kuchukua ni picha ya mama yako. Zaidi ya hilo, isingesaidia. Kwenye kompyuta ya bosi kulikuwa na vitu vya bosi. Picha zangu zilikuwa kwenye akaunti iliyofutwa, na hakuna nywila ya mtu mwingine inayoifikia.

Jumatano usiku ilirudishwa. Kijana wa Dar alitahadharisha kwamba vitu vinaweza kuchukua hadi saa 24 kuonekana vyote, kwa hiyo nisiende asubuhi na mapema nikapiga kelele. Nilikwenda Alhamisi alasiri. Tukakaa ofisini kwa bosi, yeye akiwa na kahawa, mimi na koti. Nywila ya muda alipewa bosi kwa simu, mimi sikupewa, na nadhani ilikuwa sawa. Mfumo ukaomba namba ya uthibitisho, namba ikaingia kwenye simu yangu kwa sababu bado ilikuwa imeandikishwa pale. Kama ningekuwa nimebadili laini wiki ile, tungeanza tena na Dar.

Mafaili sita yalichukua dakika tano: kuchagua, Download, kufungua kila moja kwenye kompyuta ya bosi kuona kuna maneno ndani, kisha flashi. Picha zilichukua saa mbili. Ningeweza kutumia Google Takeout, ambayo inakufungashia kila kitu kwenye zipu, lakini ingebeba na mamia ya picha za mashamba na wakulima, na sikutaka hizo zitoke. Tulifungua `photos.google.com`, nikachagua kwa tarehe, ya kwanza hadi ya mwisho huku nimeshikilia Shift, nikaondoa za kazi moja moja. Zikabaki 640 na video 14. Nikaziweka kwenye albamu, nikaituma kwa Gmail yangu.

Wengi wanaishia hapo wakidhani wamemaliza. Albamu iliyoshirikishwa ni anwani nyingine tu, binamu yake ile `.gdoc`. Picha bado ziko kwa aliyezituma, na akaunti yake ikifutwa, albamu inabaki tupu. Kwenye simu yangu nilifungua albamu nikabonyeza `Save`, ambayo ndiyo inayozileta kwako kweli. Unajua zimekuja kwa sababu nafasi yako inapungua: akaunti ya bure ina GB 15 kwa barua, Drive na picha kwa pamoja, na yangu ilipanda kutoka 9 hadi karibu 13. Bosi alishangaa nafurahia kujaa kwa akaunti.

Kuna kitu sikukichukua na ninakiri nilikitamani. Kwenye Drive kulikuwa na jedwali la wakulima zaidi ya mia tatu, majina, namba za simu, idadi ya miti, tarehe za mavuno. Niliandika kila mstari kwa mkono wangu, nyingine nikiwa nimesimama kwenye mvua Masoko. Kazi ninayoanza sasa ningeifanya kwa wiki moja nikiwa na jedwali lile. Lakini wakulima wale walinipa namba zao kama mtu wa shirika, na sheria ile ile niliyoitaja kwenye barua yangu inawalinda wao kwanza. Bosi alikuwa anatazama skrini nilipopita juu ya jina la faili. Hakusema kitu, nami nikapita.

Jioni nilimwonyesha mke wangu video ya Krismasi. Akauliza kama mazungumzo ya WhatsApp nayo hayakuwa kule. Moyo ukadunda. Nikafungua WhatsApp, `Settings`, `Chats`, `Chat backup`, na kweli, pale kwenye akaunti ya Google palikuwa pameandikwa barua pepe ya zamani. Nakala zilikuwa zinagoma kila usiku tangu nilipotoa akaunti ile kwenye simu, bila mimi kujua. Mazungumzo yenyewe yalikuwa bado kwenye simu, kwa hiyo nilibadilisha akaunti tu, nikabonyeza `Back up` na kuacha bando liliwe usiku kucha.

Jumatatu tarehe 22 nilituma tena neno "habari" kwenye anwani ile. Ilirudi ndani ya dakika moja, 5.1.1, imefutwa tena. Nikaifuta barua, nikarudi kwenye sura ya nne.